Daktari wa vyura, injinia wa pampu, na barua ya aya tano

Barua ya kwanza niliyowahi kuandika ya kuwakutanisha watu wawili kikazi ilikuwa na mistari miwili. "Kutaneni! Nyote ni watu wangu na mambo yenu yanafanana, nawaachia uwanja." Niliituma kwa mkutubi mmoja mzoefu na kwa kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi ya kuhifadhi nyaraka, kisha nikafunga kompyuta nikijiona mtu mwema. Siku mbili baadaye mkutubi akaniandikia pembeni, bila kumweka yule kijana kwenye nakala: "Huyu anataka nini kwangu?" Jioni hiyohiyo kijana akanipigia simu: "Sasa mimi nimwandikie nini?" Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Na wote wawili walikuwa wanaona aibu, kwa sababu kumnyamazia mtu uliyekwisha kutambulishwa kwake ni utovu wa adabu, na kumwandikia huku huna la kusema nako ni kumsumbua. Mimi ndiye niliyewatia kwenye aibu hiyo, tena bila kumuuliza hata mmoja.

Ninavyojua, hawajaandikiana hadi leo.

Tangu hapo nimeandika barua nyingi za namna hii. Kazi yangu ni kuhariri ripoti za kitaalamu, kwa hiyo napita kwenye shughuli za watu ambao hawafahamiani kabisa. Nyingine zimezaa matunda, nyingine zimekufa. Leo nataka kusimulia moja tu kwa urefu, kwa sababu ilikuwa na ugumu ambao watu wengi hawauoni mpaka wameshabonyeza kitufe cha kutuma: sababu yenyewe ya wale wawili kujuana ilikuwa siri ya mmoja wao.

Wa kwanza nitamwita Daktari. Ni mtafiti wa vyura. Huweka vinasa sauti kwenye vinamasi, akaviacha huko wiki kadhaa, kisha akarudi kuchukua kadi za kumbukumbu. Nilipohariri ripoti yake alikuwa amelimbikiza saa kama elfu tatu za rekodi. Katika hizo, mlio wa chura aliyemtaka ulikuwa unasikika dakika chache huku na kule, na njia yake ya kuupata ilikuwa kuvaa spika za masikioni na kusikiliza. Alikuwa amesikiliza saa mia mbili hivi. Kwa uangalifu wake wa kupita kiasi, alikuwa anaandika kila kitu kwenye jedwali, si vyura tu: mvua imeanza dakika hii, imezidi dakika hii, upepo umeingia, mvua imekoma. Kwake hizo zilikuwa takataka, vitu vya kuruka.

Wa pili ni Injinia, mtu mzima kuliko mimi, mpole, na anayeandika barua fupi kama risiti. Anatengeneza programu inayosikiliza pampu na kubashiri beringi itakayoharibika kabla haijaharibika. Beringi inapoanza kuchakaa, kila gololi ikipita juu ya sehemu iliyobanduka hutoa mdundo mdogo wa sauti, na midundo hiyo hujirudia kwa mpangilio maalumu. Katika karakana tulivu programu yake iliisikia vizuri. Ripoti yake, ambayo niliihariri miezi minne baada ya ile ya Daktari, ilikuwa na ukurasa mmoja uliosema kwamba pampu zikiwa nje, chini ya paa la bati, mvua ikinyesha, programu inachanganyikiwa. Ama haisikii kitu, ama inapiga kelele kwamba kila pampu ni mbovu. Alihitaji rekodi nyingi za mvua halisi, zenye alama za lini ilianza na lini ilikoma, ili aifundishe programu kuipuuza.

Nilipofika kwenye ukurasa huo nilinyanyuka kwenye kiti. Takataka za Daktari ndizo alizokuwa anazitafuta Injinia, na kazi ya Injinia ya kila siku, yaani kuchuja saa na saa za sauti ili kupata mlio mmoja dhaifu, ndiyo iliyokuwa inamtoa Daktari machozi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua walikuwa wakionana naye mara ngapi, na waliosema mara kwa mara walikuwa karibu mmoja kati ya sita. Wengi walionana mara mojamoja, na wengine kwa nadra sana. Marafiki zako wa karibu wanajua unayoyajua. Anayeona kwamba kinamasi na kiwanda vina shida moja ni mtu wa pembeni kama mhariri, ambaye si wa kinamasi wala si wa kiwanda. Lakini mtu huyohuyo wa pembeni ana tatizo: aliyoyaona ameyaona kwa sababu aliaminiwa.

Ripoti ya Injinia haikuwa imetoka. Wateja wake hawakuwa wamejua habari ya mvua. Ningemwandikia Daktari, "kuna mtu programu yake inafeli mvua ikinyesha, nawe una mvua", ningekuwa nimetoa siri ya mtu kwa nia njema kabisa, na nia njema haiondoi barua kwenye kikasha cha mtu. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza hapa ilikuwa rahisi. Anaulizwa kwanza yule ambaye kutambulishwa kutamgharimu zaidi. Mara nyingi huyo ndiye mwenye cheo au mwenye kubanwa na kazi. Safari hii alikuwa ni yule mwenye siri, na kwa bahati walikuwa mtu mmoja.

Nilimwandikia hivi:

"Injinia, shikamoo. Nina jambo nje ya ripoti, na ukisema hapana nitaelewa. Namfahamu mtafiti mmoja wa viumbe mwenye saa nyingi za rekodi zilizonaswa nje, ambaye ameandika kwa mkono dakika ambazo mvua inaanza na kukoma. Sijamwambia lolote kukuhusu. Ungependa niwakutanishe? Kama ndiyo, naomba uniambie nieleze vipi unachokitafuta, kwa maneno yako."

Angalia kwamba sikumtaja Daktari kwa jina wala sikusema ni vyura. Naye hakuwa amekubali bado, na mtafiti mwenye vyura kwenye vinamasi katika fani ndogo kama ile anaweza kutambulika kwa maelezo mawili tu. Angalia pia kwamba nimempa mlango wa kutokea mapema, kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Mtu anayeombwa jambo huku mlango umefungwa husema ndiyo ya midomoni, halafu hajibu barua inayofuata.

Alijibu kesho yake: "Marahaba. Ndiyo, lakini usiseme imefeli. Sema natafuta kelele halisi za nje za kujaribia. Na isiwe kabla ya tarehe 5, nafunga hesabu za mwezi."

Mistari miwili, na ndani yake kulikuwa na vitu viwili ambavyo nisingevijua kwa kukisia. Maneno aliyochagua yalikuwa ya kweli, hayakumdanganya Daktari, na hayakumvua nguo yeye. Na ile tarehe iliokoa barua yote. Ningeituma siku ileile, Daktari angeandika kwa furaha, angekutana na ukimya wa wiki mbili, na angehitimisha kwamba amedharauliwa.

Kisha nikamgeukia Daktari. Yeye ni wa rika langu, tunaitana "mwenzangu", kwa hiyo nilimpigia simu badala ya kuandika. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nikamwomba aniandikie mistari mitano kuhusu rekodi zake, ya kumsomesha mtu asiyejua lolote kuhusu vyura, kwa namna ambayo naweza kuituma mbele ilivyo. Akaleta wasifu. Shahada tatu, machapisho, tuzo, majina ya kisayansi ya vyura wanne. Mistari ishirini na moja, na neno "mvua" halimo.

Simlaumu. Mtu akiombwa ajieleze kwa mgeni huvaa nguo za sherehe. Nilimrudishia nikamuuliza maswali matatu tu: una saa ngapi, umeweka alama gani, na unataka nini wewe. La tatu ndilo lililomchukua muda. Mwishowe akasema: "Nataka mtu aniambie kama kuna njia ya kupata dakika za vyura bila kusikiliza saa zote." Hapo tukawa na kitu cha kuandika. Naye akaongeza sharti: mahali vinasa vilipo pasitajwe popote. Chura mmoja kati ya wale ni adimu, na watu hukusanya wanyama adimu kwa ajili ya kuuza. Tena, vinasa vingine huandika mahali ndani ya faili lenyewe la sauti, kwa hiyo hata kutuma faili bila kulisafisha ni kutoa ramani. Mimi hilo sikulijua kabisa. Ningefanya haraka, ningeweza kuambatisha rekodi ya mfano aliyonipa wakati wa kuhariri ili "kurahisisha mambo".

Tarehe 6 asubuhi nikatuma barua. Naiweka hapa karibu ilivyokuwa, nimeondoa majina tu na kubakisha vyeo. Kichwa chake kilikuwa "Daktari na Injinia: rekodi za nje zenye mvua".

"Daktari, Injinia, habari za asubuhi. Kama nilivyozungumza na kila mmoja wenu, nawakutanisha.

Injinia, Daktari hunasa milio ya vyura. Ana takriban saa 3,000 za rekodi zilizonaswa nje, mchana na usiku. Saa kama 200 kati ya hizo amezisikiliza mwenyewe na kuandika kwenye jedwali dakika ambayo mvua ilianza, ilipozidi na ilipokoma, pamoja na upepo.

Daktari, Injinia ana programu inayosikiliza pampu ili kutambua beringi iliyoanza kuchakaa. Kazi yake kubwa ni kuutoa mlio mmoja dhaifu ndani ya kelele nyingi, bila mtu kukaa kusikiliza. Kwa sasa anatafuta kelele halisi za nje za kujaribia.

Napendekeza mwanzo mdogo: Daktari amtumie Injinia saa moja ya rekodi yenye mvua na jedwali lake, na Injinia amwambie kama inamfaa, na kama anaona njia ya kuchuja milio ya vyura kwa namna hiyohiyo. Isipofaa, iishie hapo bila neno. Mahali rekodi ziliponaswa ni siri, naomba tuiheshimu.

Daktari, tafadhali anza wewe. Injinia ana nafasi kuanzia wiki hii. Mimi mkinijibu niondoeni kwenye nakala, mwendelee wenyewe."

Nataka kukaa kidogo kwenye aya ya pili na ya tatu, kwa sababu hapo ndipo barua nyingi hufia.

Aya inayoanza na "Injinia" inamhusu Daktari, na msomaji wake ni Injinia. Hiyo inaonekana wazi ukiisema, lakini ukikaa kuandika mkono unakwenda kwingine. Unajikuta unaandika aya ya kumfurahisha Daktari: mtafiti mahiri, mwenye uzoefu wa miaka kadha wa kadha, mtu ninayemheshimu sana. Daktari akiisoma atatabasamu. Injinia akiisoma atabaki na swali la mkutubi wangu wa zamani, huyu anataka nini kwangu. Kwa hiyo katika kila aya nilijiuliza msomaji huyu angeuliza nini mtu huyu akisimama mlangoni kwake, nikajibu hilo peke yake. Injinia angeuliza: rekodi kiasi gani, zina alama, alama za aina gani. Shahada za Daktari hazimo kwenye maswali hayo, ingawa ni za kweli na amezitolea jasho. Nazo hazikupotea, atazikuta chini ya sahihi yake.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kabla ya kutuma. Nachukua aya inayomhusu Daktari na kujiuliza: ningewakutanisha Daktari na mtu mwingine, tuseme mchapishaji wa vitabu vya watoto, aya hii ingebaki ilivyo? Kama ingebaki, basi ni tangazo, haimwambii Injinia kitu. Aya nzuri haiwezi kuhamishwa. Kwa mchapishaji ningeandika habari za vyura, rangi zao na simulizi za usiku kinamasini, na mvua isingekuwamo kabisa.

Jambo lingine kwenye aya hizo ni mizani. Daktari alikuwa na shida kubwa kuliko Injinia, na hilo ni kawaida, ni nadra sana watu wawili kuhitajiana sawasawa. Kishawishi ni kuficha tofauti hiyo kwa kumpamba mnyonge, au kuomba kwa niaba yake: "naomba umsaidie". Neno "msaidie" linamgeuza mmoja kuwa mwombaji kabla hajafungua mdomo, na linamfanya mwingine ahesabu saa zake. Nilikuwa na bahati kwamba Daktari alikuwa na kitu cha kutoa. Ningekuwa sina kitu cha kuweka upande wake wa mizani, ningesema hivyo kweupe kwa Injinia wakati wa kumwomba ruhusa: huyu anahitaji dakika ishirini za ushauri wako, hana cha kukupa kwa sasa. Watu wengi hukubali ombi la namna hiyo. Wanachokasirikia ni ombi lililovikwa joho la fursa.

Halafu ile "saa moja ya rekodi". Rasimu yangu ya kwanza ilisema "pengine mnaweza kushirikiana". Nikaifuta. Ushirikiano ni neno linalotisha kwa mtu anayefunga mwezi, kwa sababu halina mwisho. Faili moja la saa moja lina mwisho, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Kumtaja anayeanza nako kunaonekana kama ukali, lakini kunawaondolea ile ngoja-ngoja ya kila mtu kumwachia mwenzake nafasi. Mimi humtaja mwenye haja kubwa zaidi, na yule mwingine nampa uhakika kwamba hatakiwi kufanya lolote mpaka apate barua.

Kuna ya kiufundi pia, madogo lakini yanaumiza. Barua hii iandike upya kabisa, usiichomekee juu ya mazungumzo yenu ya zamani. Nimewahi kupokea utambulisho ambao chini yake, ukishuka, kulikuwa na mtambulishaji na mwenzangu wakijadili kama mimi ni mtu wa kuaminika. (Walihitimisha kwamba ndiyo, kwa mashaka.) Ukituma mbele ile mistari mitano ya mtu, inakili kwenye barua mpya.

Anwani zihakiki herufi kwa herufi. Kompyuta hukumbuka majina na hukupendekezea la kwanza linalofanana, na kwenye majina yetu yanayojirudia hilo ni hatari. Mimi nimewahi kumtambulisha mtu wa mahesabu kwa jina lake kamili, kwa sifa zake zote, na barua ikaenda kwa mtu wa jina hilohilo aliyekuwa fundi wa umeme. Fundi akajibu kwa upole kwamba anashukuru ila mahesabu hayajui.

Wote wawili waweke kwenye mstari wa To, si mmoja kwenye To na mwingine kwenye Cc, kwa sababu aliye kwenye Cc hujiona mtazamaji. Na anayejibu, kama ana uzoefu, hukuhamishia kwenye Bcc huku akisema "namshukuru mhariri, namhamishia kwenye nakala ya siri". Utaipata barua hiyo moja, ukajua wameanza, na majibu yanayofuata hayatakufikia. Ukiwa kwenye Bcc usibonyeze Reply all hata kusema asante. Jibu lako litawafikia wote, na aliyekuwa hajui kwamba upo atajua. Wengi hawaujui mtindo huu, ndiyo maana nimeizoea ile sentensi ya mwisho ya kuomba niondolewe.

Simu je? Namba ya simu ya mtu siitoi kwenye utambulisho, hata kama naijua kwa moyo na hata kama ni ya kazini. Wakitaka wapeane wenyewe.

Daktari alianza saa mbili baada ya barua yangu, kwa aya moja na faili, lililosafishwa. Injinia akajibu kesho yake, akanihamisha kwenye nakala ya siri, nami nikatoka.

Baada ya hapo nikangoja wiki tatu. Muda huo si sheria. Unatosha mtu kufanya kitu, na si mrefu kiasi cha kusahau. Nikamwandikia kila mmoja peke yake, mstari mmoja: "Ile habari ya mvua imekwendaje? Ukiniambia haikufaa sitashangaa." Kuwauliza pamoja ni kosa, kwa sababu mbele ya mwenzake hakuna atakayesema kweli.

Injinia akasema rekodi hazikufaa.

Sababu yake ilinifundisha kitu. Kinasa hupima sauti mara nyingi kwa kila sekunde, na hakiwezi kushika milio ya juu kupita nusu ya idadi hiyo ya vipimo. Vinasa vya Daktari vilikuwa vimewekwa kupima mara 24,000 kwa sekunde ili kuokoa betri na nafasi ya kadi, kwa hiyo vilikuwa viziwi kwa kila kitu kilichozidi mitetemo 12,000 kwa sekunde. Kwa chura wake inatosha na kubaki. Injinia alikuwa anasikiliza juu zaidi ya hapo. Hakuna hata mmoja wetu watatu aliyefikiria jambo hilo mwanzoni, na mimi ndiye ambaye nisingelifikiria kamwe. Nilishukuru kwamba barua haikuahidi kwamba rekodi zitafaa. Ilisema Injinia aseme kama zinafaa, naye akasema.

Wakati mwingine jibu la hapana huja mapema zaidi, katika hatua ya kuomba ruhusa, na hapo kazi ni kulifikisha bila kumjeruhi aliyeomba na bila kudanganya. Mimi husema "nimeuliza, kwa sasa hana nafasi ya jambo hili" kama ndivyo ilivyo, na kama sababu ni nyingine nasema tu "nimeuliza, haikuwezekana". Sitoi sababu, maana sababu si yangu. Lililo baya zaidi ni kunyamaza, kwa sababu aliyeomba ataendelea kungoja, na baada ya mwezi ataamini kwamba hukuuliza. Na zipo barua ambazo sitaki hata kuanza kuziombea ruhusa: pale ninapomjua mmoja vizuri na mwingine kwa jina tu, au pale ninapoona kwamba nikitambulisha mtu nitakuwa namdhamini, na mimi udhamini huo sina. Aliyewahi kunichelewesha malipo miezi minane na sasa anataka nimkutanishe na mfasiri ninayempenda, nimemwambia sina nafasi ya kufanya hivyo. Si uongo. Nafasi hiyo sina moyoni.

Basi, jibu la Daktari lilikuja siku moja baada ya la Injinia, na lilikuwa refu. Injinia, alipoona rekodi hazimfai, hakuliweka faili pembeni. Ile saa moja aliipitisha kwenye kichujio chake ili aone tu kitakachotokea, akiwa ameambiwa na Daktari mlio wa chura unafananaje na unarudiwa kila baada ya muda gani. Beringi inayochakaa na chura anayeita, kumbe, kwa programu ile ni jamii moja: mdundo mfupi unaojirudia kwa mpangilio. Katika saa ile Daktari alikuwa amepata milio sehemu nne kwa masikio yake. Programu ilileta sehemu kumi na moja. Alizisikiliza zote, mbili zilikuwa matone ya mvua kwenye jani lililo jirani na kinasa, na tisa zilikuwa chura.

"Mwenzangu," aliandika, "zile tano nilizozikosa zote ziko chini ya mvua. Nilikuwa naruka kila mahali nilipoandika 'mvua'."

Msimu uliofuata alipanga vinasa vitatu kati ya vyake vipime mara 96,000 kwa sekunde, betri ziishe mapema zikiisha, akamwekea Injinia paa la bati juu ya kimoja.